Mkia wa Anwani: Kujua Barua Taka Imepitia Mlango Gani

Mwezi Julai 2012 baadhi ya watumiaji wa Dropbox, wengi wao wa Ulaya, walianza kupokea matangazo ya kamari kwa barua pepe. Matangazo ya kamari si habari, ila haya yalifika kwenye anwani ambazo wenyewe walikuwa wameziunda kwa ajili ya Dropbox tu, wala hawakuwahi kumpa mtu mwingine yeyote. Wakaanza kuuliza. Tarehe 31 mwezi huohuo kampuni ikaeleza kilichotokea: nywila iliyoibwa kwenye tovuti nyingine ilitumika kuingia kwenye akaunti ya mfanyakazi wake mmoja, na ndani ya akaunti hiyo mlikuwa na waraka wa mradi wenye anwani za watumiaji. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba wizi wa 2012 ulikuwa mkubwa zaidi, wa akaunti zaidi ya milioni 68.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni mpangilio wa matukio. Wateja walijua kabla ya kampuni kusema lolote, na hawakujua kwa ujanja wa kidukuzi. Walijua kwa sababu kila mlango waliobisha waliuachia anwani yake.

Njia rahisi ya kufanya hivyo ni kuongeza mkia kwenye anwani uliyonayo tayari. Tuseme anwani yako ni `zawadi@example.com`. Unapojisajili kwenye duka la mtandaoni, unaandika `zawadi+duka@example.com`. Kwenye semina unaandika `zawadi+semina@example.com`. Huombi ruhusa, hufungui akaunti mpya, hubonyezi kitu kwenye mipangilio. Barua zote zinaingia kwenye kikasha kilekile, ila kila moja inakuja na mkia wake.

Hili linawezekana kwa sababu ya kanuni moja ya zamani ya barua pepe, ambayo leo imo kwenye waraka wa RFC 5321: sehemu iliyo kushoto mwa alama ya @ haitafsiriwi na mtu yeyote isipokuwa seva ya kikoa kilicho kulia kwake. Seva za njiani zinatazama `example.com` tu, zinaufikisha ujumbe huko, na kuanzia hapo ni shauri la mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiamua kwamba kila kitu baada ya alama ya kujumlisha kipuuzwe wakati wa kutafuta kikasha, ndivyo itakavyokuwa. Gmail, Outlook.com, iCloud, Proton Mail na Fastmail wote wameamua hivyo. Anayeendesha seva yake mwenyewe kwa programu ya Postfix anahitaji mstari mmoja kwenye mipangilio yake:

```
recipient_delimiter = +
```

Kama barua pepe yako ni ya ofisini au ya chuo, usikisie. Jitumie ujumbe wenye mkia. Ukirudishwa na maelezo kwamba anwani haipo, basi seva yenu haijaruhusu, na itabidi umwone msimamizi wa mitambo.

Mpaka hapo ni mambo ambayo wengi wameshayasikia. Shida ni kwamba wengi wanaishia hapo, wanaweka `+benki` na `+duka`, halafu siku barua taka ikija wanakuwa na ushahidi usiosimama. Mkia una thamani ya ushahidi pale tu ambapo hakuna mtu angeweza kuubuni. Mtu anayetuma barua taka akishapata anwani yako mahali popote anaweza kuongeza `+benki` kwa kubahatisha, na wewe ukaenda kuilaumu benki ambayo haina kosa.

Kwa hiyo mimi huweka vitu viwili kwenye mkia: neno la kunikumbusha, na herufi tatu zisizo na maana yoyote. Semina ikawa `zawadi+semina.t4q@example.com`. Ukichanganya herufi 26 na tarakimu 10, vipande vya namna hiyo ni 46,656, na hakuna mtu atakayejaribu vyote ili akutie wasiwasi. Ujumbe ukifika kwa `semina.t4q`, mtumaji aliipata anwani hiyo kutoka mahali ilipoandikwa. Andika kwa herufi ndogo tupu, na usiurefushe mno, kwa kuwa sehemu yote ya kushoto mwa @ ina ukomo wa herufi 64.

Bila shaka huwezi kuikumbuka kichwani. Anwani kamili nairekodi kwenye programu ya kutunza nywila, pamoja na nywila yenyewe, siku ileile ninapojisajili. Ukiahirisha utajuta, maana tovuti ikikuuliza barua pepe yako miezi minane baadaye, `zawadi@example.com` haitakubaliwa. Kwake `zawadi+semina.t4q@example.com` ni mtu mwingine kabisa.

Sasa mkia unapokutana na tovuti halisi, ndipo vituko vinapoanza. Kituko cha kwanza unakiona papo hapo: fomu inakataa na kukuambia anwani yako si sahihi. Alama ya kujumlisha inaruhusiwa kabisa na kanuni za barua pepe, lakini aliyeandika fomu alinakili mahali fulani kipimo cha namna hii:

```
^[A-Za-z0-9._-]+@[A-Za-z0-9.-]+$
```

Alama ya kujumlisha unayoiona kabla ya @ hapo isikudanganye. Maana yake ni "rudia mara moja au zaidi". Ndani ya mabano ya mraba, panapoorodheshwa herufi zinazokubalika, haimo. Fomu inayokataa haina madhara. Unajua msimamo wake, unatumia njia nyingine.

Inayotia hasara ni ile inayokubali upande mmoja na kukataa upande mwingine. Unajisajili kwenye tovuti bila shida, kesho unafungua programu yao ya simu, na programu inasema anwani haifai. Au kiungo cha kubadili nywila kinafika, unakibonyeza, unaambiwa hakuna akaunti kama hiyo. Sababu yake mara nyingi ni ileile, na inafaa kuielewa kwa sababu unaweza kuitibu mwenyewe. Katika anwani za wavuti, upande wa baada ya alama ya kuuliza, fomu hutumia alama ya kujumlisha kuwakilisha nafasi tupu. Kwa hiyo mtengenezaji wa tovuti akiweka anwani yako ndani ya kiungo bila kuisimba kwanza, kiungo kinakuwa hivi:

```
https://example.org/ondoka?email=zawadi+semina.t4q@example.com
```

Seva inapokisoma inapata "zawadi semina.t4q@example.com", yenye pengo katikati, na mtu huyo kweli hayumo kwenye daftari lao. Ndiyo maana kuna majarida yanayoonekana hayataki kukuachia ujiondoe. Nakili kiungo, badilisha alama ya kujumlisha uweke `%2B`, kisha bonyeza tena:

```
https://example.org/ondoka?email=zawadi%2Bsemina.t4q@example.com
```

Mara nyingi kinakubali. Kwa akaunti yenye uzito, kama ya msajili wa kikoa au ya malipo, nafanya jaribio kabla sijaweka kitu cha thamani ndani: nikishajisajili natoka, naingia tena, kisha naomba kubadili nywila nione kama kiungo kinafika na kinafanya kazi. Dakika tano. Ikishindikana, nabadilisha anwani mapema, kabla akaunti haijawa na kitu.

Tuje kwenye siku yenyewe ya barua taka, maana hapo watu wengi wanatazama mahali pasipo.

Miezi kadhaa baada ya ile semina nilipata tangazo la mikopo ya haraka. Nikatazama mstari wa mpokeaji nikitegemea kuona mkia, nikakuta maneno ya Kiingereza yanayosema wapokeaji hawakutajwa. Hakuna jina langu, hakuna mkia. Ukifika hapo ni rahisi kusema mbinu imeshindwa, na kwa kweli haijashindwa.

Barua pepe, kama ya karatasi, ina bahasha na ina karatasi iliyomo ndani. Mstari wa `To` umeandikwa kwenye karatasi ya ndani, na mtumaji anaweza kuandika anachotaka au kuacha wazi. Posta haiusomi. Kinachoufikisha ujumbe ni anwani ya kwenye bahasha, ile ambayo seva ya mtumaji inaitamka kwa seva yako wakati wa kukabidhi. Ujumbe ukishafika, bahasha inatupwa, lakini seva nyingi huandika pembeni ilisema nini. Kuyaona maandishi hayo unafungua ujumbe katika hali yake ghafi. Kwenye Gmail ni vitone vitatu vya pembeni, kisha `Show original`. Tafuta mistari ya `Delivered-To` na `X-Original-To`, au mistari ya `Received` baada ya neno `for`. Wa kwangu ulikuwa hivi:

```
X-Original-To: zawadi+semina.t4q@example.com
To: undisclosed-recipients:;
```

Basi mlango ukajulikana. Swali linalofuata ni gumu zaidi: mkia unathibitisha nini hasa? Unathibitisha kwamba anwani niliyowapa waandaaji wa semina imemfikia mtu mwingine. Hauthibitishi kwamba waliiuza. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani iitwayo Epsilon, iliyokuwa ikituma barua za masoko kwa niaba ya kampuni nyingi kubwa, iliibiwa majina na anwani za wateja wa hizo kampuni. Mtu aliyekuwa na mkia wa duka lake angeona duka limevujisha, na kumbe wizi ulitokea kwa mtumaji barua ambaye mteja hakuwahi hata kulisikia jina lake.

Na kuna mshukiwa mwingine tunayemsahau: mimi mwenyewe. Simu yenye programu inayosoma daftari la majina, kompyuta yenye kirusi, au kikasha kilichoingiliwa, vyote vinaweza kutoa anwani zangu. Namna ya kupambanua ni kuangalia mikia mingine. Tangazo lilelile likifika wiki hiyohiyo kwa `semina.t4q` na pia kwa `duka.m2x`, tovuti mbili zisizohusiana, basi jambo la busara ni kutazama kwako kwanza. Likifika kwa mkia mmoja tu, kidole kinaelekea upande wa pili.

Lilifika kwa mmoja. Niliwaandikia waandaaji kwa upole, bila neno "kuiba" wala "kuuza". Niliwaambia anwani hii nilikupeni ninyi peke yenu tarehe fulani, imepokea tangazo hili tarehe fulani, naomba kujua mlimpa nani orodha ya washiriki. Niliambatisha ile mistari ya kichwa. Baada ya siku tatu wakajibu kwamba jedwali la washiriki lilitumwa kwa mmoja wa wadhamini "kwa ajili ya vyeti". Hapo mjadala ukaisha, kwa sababu hawakuwa na pa kukanushia. Laiti ningeandika kutoka anwani tupu, wangenijibu kwamba huenda nimejiandikisha mahali kwingine nikasahau, na nisingekuwa na la kusema. Barua ya namna hiyo ina nguvu zaidi sasa kuliko zamani, kwani Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kila moja imeunda chombo cha kupokea malalamiko. Mkia wenye herufi zisizokisika, pamoja na tarehe, ni kiambatisho kizuri cha lalamiko.

Ila angalia usijivujishe unapojibu. Ukibonyeza kitufe cha kujibu, programu nyingi za barua zitatuma kutoka anwani yako kuu isiyo na mkia, na hapo umewakabidhi kile ulichokuwa ukikificha. Kwenye Gmail unaiongeza anwani yenye mkia chini ya `Send mail as`, kisha unachagua kujibu kutoka anwani iliyopokea ujumbe. Fanya hivyo kwa mikia michache unayotegemea kuandikiana nayo. Mikia mingine ni ya kupokea tu.

Baada ya kujua, unaufunga mkia. Kwenye Gmail unatengeneza kichujio kinachopeleka barua za anwani hiyo kwenye takataka. Mahali panapotumia lugha ya vichujio ya Sieve unaweza kupima bahasha moja kwa moja, kwa hiyo hata tangazo lisilo na jina kwenye `To` linanaswa:

```
require ["envelope", "subaddress"];
if envelope :detail "to" "semina.t4q" {
  discard;
}
```

Neno `:detail` ndilo linalomaanisha mkia. Kabla ya kuufunga, hamishia akaunti yenyewe kwenye mkia mpya kama bado unaihitaji, usije ukazitupa na barua za kubadili nywila.

Lazima nikiri mahali mkia unapofikia kikomo. Unavuta macho. Yeyote anayeijua mbinu hii akiona `zawadi+semina.t4q@example.com` anajua kwamba akikata kuanzia alama ya kujumlisha hadi kabla ya @ anabaki na anwani inayofanya kazi, na kuna wauza orodha wanaofanya hivyo kwa programu kwa mamilioni ya anwani kwa mpigo. Hapo barua taka inakuja kwenye anwani tupu na mlango haujulikani. Kuna kinga ya nusu: usimpe mtu yeyote anwani tupu. Kama ndugu na wateja wote wana mikia yao, basi barua ya mgeni iliyokuja kwa `zawadi@example.com` kavu ina mkia uliokatwa au ni ya kubahatisha, na unaweza kuipeleka kwenye folda ya mashaka. Hutajua nani aliyekata, lakini hutasumbuliwa.

Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji lakabu, yaani anwani kamili inayojitegemea isiyoonyesha kikasha kilicho nyuma yake. Hide My Email ya Apple inazitunga yenyewe. Firefox Relay, addy.io na SimpleLogin, ambayo tangu 2022 iko chini ya Proton, zinafanya kazi hiyo hiyo kwa barua pepe ya aina yoyote. Lakabu haina alama ya kujumlisha, kwa hiyo fomu nyingi zaidi zinaipokea, viungo havivunjiki, na hakuna cha kukata. Ingawa nazo zipo tovuti zinazokataa vikoa vya huduma hizi kwa kuvijua kwa majina.

Kwa kazi za wateja, mimi nimeacha kabisa mikia na kuhamia lakabu kwenye kikoa changu. Nilipokuwa natengeneza tovuti ya hoteli ndogo nilifungua akaunti ya seva, ya takwimu na ya ramani kwa mkia wa `+hoteli`. Siku ya kukabidhi ndipo nilipoona kosa: mkia haukatiki kutoka kwenye mwili wangu. Mwenye hoteli hawezi kupokea barua za `zawadi+hoteli` bila mimi kuendelea kumrushia milele, kwa hiyo nilishinda siku mbili nikibadilisha anwani kwenye akaunti moja baada ya nyingine, mojawapo ikitaka nithibitishe kwa barua ya karatasi. Ingekuwa lakabu `hoteli@` kwenye kikoa changu, ningebadilisha tu inakoelekezwa, barua zikaenda kwake jioni hiyohiyo, na akaunti zikahamishwa taratibu bila haraka.

Wengine wanakwenda mbali zaidi wanafungua kikoa kipokee kila kitu kilicho kushoto mwa @, ili wasihitaji kuunda lakabu kabla. Inapendeza wiki ya kwanza. Kisha watuma taka wanaanza kujaribu `info@`, `admin@`, `sales@`, na majina ya watu kwa orodha, na yote yanapokelewa. Afadhali kuunda lakabu moja moja.

Na kikoa kina deni la kila mwaka. Ukisahau kukilipia kikaachiwa, atakayekinunua anaweza kuunda `benki@` na `duka@` kwa jina lako, akaomba kubadili nywila, na barua zote zikamfikia yeye. Hali ni ileile kwa lakabu za kukodi ukiacha kulipa au huduma ikifungwa, ila hapo wewe ndiye unayebaki nje ya akaunti zako. Ndiyo sababu akaunti zangu tatu za msingi, ya benki, ya msajili wa kikoa na ya barua pepe yenyewe, haziko kwenye lakabu ya kikoa hicho. Ziko kwa mtoa huduma mkubwa, kwenye anwani yenye mkia, na herufi za mwisho nimeziandika kwenye karatasi iliyo nyumbani.

Ile `semina.t4q` bado inapokea. Wiki iliyopita kichujio kilikuwa kimetupa barua kumi na moja, tatu zikiwa za kamari.